Ping inapita, faili zinakwama: kutafuta tatizo baada ya kuhamisha trafiki ya Mwanza kwa tuneli za MPLS

Mwongozo huu ni wa mafundi wa mkongo wanaohudumia Kanda ya Ziwa, na unahusu hali moja tu. Linki kuu ya kuingia Mwanza imejaa, mmehamishia sehemu ya trafiki kwenye njia ya pili kwa tuneli za RSVP-TE, msongamano umepungua, halafu simu za wateja zinaanza: «Mtandao upo, lakini mfumo unasumbua.» Amri zilizomo ni za Cisco IOS. Kwenye ruta za kampuni nyingine majina ya amri hubadilika, lakini hesabu ya lebo ni ileile.

Mtandao wa mfano

Tuchukue mkongo mdogo. Dar es Salaam kuna ruta ya pembeni DAR, yenye anwani 10.0.0.4. Dodoma kuna ruta ya kiini DOM, 10.0.0.3. Kutoka Dodoma zinatoka njia mbili za Gbps 10 kila moja. Ya kusini inapita Shinyanga kwenye ruta SHY na kufika Mwanza kwenye ruta ya kiini MZA, 10.0.0.1. Ya kaskazini inazunguka Arusha kwenye ARU, kisha Musoma kwenye MSM, ndipo inaingia Mwanza. Nyuma ya MZA kuna ruta ya pembeni PE-MZA, 10.0.0.11, inayounganisha wateja wa mjini, na nyingine za Geita na Bukoba.

Njia ya kusini ina gharama ndogo kwenye OSPF, kwa hiyo trafiki yote ya kwenda MZA na ruta zilizo nyuma yake huifuata. Kati ya saa 2 na saa 5 usiku linki ya SHY kwenda MZA hufika Gbps 9.3, huku ya kaskazini ikibeba Gbps 1.8 tu. Zingatia mwelekeo: kinachojaa ni upande wa kuingia Mwanza, kwa sababu watu wa majumbani wanapakua zaidi kuliko wanavyopakia. Tuneli ya MPLS ina mwelekeo mmoja, kwa hiyo zinazohitajika hapa zinaanzia DOM na kuishia MZA. Ukizianzisha Mwanza utakuwa unapanga trafiki isiyo na tatizo.

Dalili ya kwanza: tuneli ipo, msongamano haujapungua, au umehamia upande wa pili

Sababu inayojirudia zaidi ni kudhani kwamba kiasi kilichotengwa kwenye tuneli kinaizuia kubeba zaidi. Hakizuii. RSVP-TE inapotenga Gbps 3 inaandika tu kwenye daftari la kila ruta njiani kwamba Gbps 3 zimechukuliwa, ili tuneli inayofuata isiahidiwe nafasi hiyohiyo. Pakiti zenyewe hazipimwi. Ukiweka tuneli moja ya kaskazini yenye `autoroute announce`, DOM itaiona kuwa njia ya kufika MZA na kila kilicho nyuma ya MZA, na Gbps 9.3 zote zitaingia humo. Kesho yake usiku malalamiko yatatoka kwa wateja wa Musoma.

Dawa ni tuneli mbili zinazoishia MZA: Tunnel10 ya kusini yenye Gbps 6 na Tunnel20 ya kaskazini yenye Gbps 3. IOS hugawa trafiki kati ya tuneli za mwisho mmoja kwa uwiano wa kiasi kilichotengwa, hapa mbili kwa moja. Kusini itabaki na takriban Gbps 6.2, na kaskazini itapanda hadi karibu 4.9. Mgawanyo hufuata mazungumzo ya kompyuta na kompyuta, si pakiti mojamoja, hivyo usitegemee uwiano kamili. Hilo la mazungumzo likumbuke, litatusumbua huko mbele.

```
interface Tunnel20
 ip unnumbered Loopback0
 mpls ip
 tunnel mode mpls traffic-eng
 tunnel destination 10.0.0.1
 tunnel mpls traffic-eng autoroute announce
 tunnel mpls traffic-eng bandwidth 3000000
 tunnel mpls traffic-eng path-option 10 explicit name KASKAZINI
```

Kiasi huandikwa kwa kilobiti kwa sekunde. Ukiandika 3000 umetenga Mbps 3, na tuneli itapanda bila kulalamika, ila uwiano utakuwa umeharibika kabisa. Tuneli ikikataa kupanda, na `show mpls traffic-eng tunnels` ikasema hakuna njia, angalia kwanza kilichowekwa kwenye kila poti kwa `ip rsvp bandwidth`. Amri hiyo ikiandikwa bila namba hutoa asilimia 75 tu ya uwezo wa poti, yaani Gbps 7.5 kwa poti ya Gbps 10. Tuneli ya Gbps 8 itakosa njia hata kama linki ni tupu.

Dalili ya pili: wateja wote wa VPN wamekufa, lakini ping kati ya ruta inapita

Hii hutokea dakika ileile tuneli inapopanda. Kutoka DAR unapiga ping 10.0.0.11, majibu yanarudi vizuri. Ndani ya VPN ya mteja yeyote hakuna kinachopita.

Pakiti ya VPN inatoka DAR ikiwa na lebo mbili. Ya chini inamtambulisha mteja, na PE-MZA peke yake ndiyo inaielewa. Ya juu imetolewa na LDP kwa ajili ya kufika 10.0.0.11. DOM inapaswa kuibadilisha ile ya juu kwa lebo ambayo MZA inaitambua, kisha iweke ya tuneli juu yake. Lakini MZA si jirani wa DOM kwa waya, na LDP kwa kawaida huzungumza na majirani wa waya tu. Kama hakuna kikao cha LDP kati yao, DOM haina lebo ya kuweka mahali pa ile iliyokuja, na pakiti ya VPN inaishia hapo. Ping ya kawaida inanusurika kwa sababu chini ya lebo ya LDP kuna IP moja kwa moja: DOM inaivua lebo, inasoma anwani, inaendelea.

Uthibitisho unapatikana DOM kwa `show mpls forwarding-table 10.0.0.11`. Ukiona `No Label` mbele ya tuneli, umefika. Weka `mpls ip` ndani ya tuneli kama ilivyo hapo juu. Kwa kuwa tuneli haina njia ya kurudi, upande wa MZA weka `mpls ldp discovery targeted-hello accept`, la sivyo salamu za DOM zitafika na kupuuzwa. Kisha `show mpls ldp neighbor 10.0.0.1` ionyeshe kikao kilichojengwa kwa `Targeted Hello`.

Dalili ya tatu: vidogo vinapita, vikubwa vinakwama

Hapa ndipo mafundi wazuri hupoteza siku nzima, na ndipo nitakapokaa.

Mteja ni kiwanda cha kuchakata minofu ya sangara. Ofisi yake iko Mwanza, seva zake ziko Dar. Ukurasa wa kuingilia mfumo unafunguka. Jina na nywila vinakubaliwa. Akibofya kupakua cheti cha shehena, kurasa inabaki nyeupe hadi muda unaisha. Kupakia nyaraka kwenda Dar hakuna shida. Kompyuta ya mhasibu inapata seva ya kwanza vizuri na inakwama kwenye ya pili. Ya bohari ni kinyume chake. Ping inapita kwa wote. Kituo cha huduma kinaandika kwamba tatizo ni la seva au la kompyuta za mteja, na tiketi inafungwa.

Usiifunge. Kila moja ya dalili hizo ina maelezo yake kwenye rundo la lebo.

Lebo moja ni baiti 4: biti 20 za namba ya lebo, 3 za daraja la huduma, 1 inayosema kama hii ndiyo ya chini kabisa, na 8 za kuhesabu uhai wa pakiti. Pakiti ya mteja yenye baiti 1500, kabla ya tuneli kuwekwa, ilikuwa inapita mkongo ikiwa na lebo mbili, yaani baiti 1508. Baada ya tuneli, DOM inaongeza ya tatu:

```
DAR -> DOM   LDP, VPN            1508
DOM -> ARU   RSVP, LDP, VPN      1512
ARU -> MSM   RSVP, LDP, VPN      1512
MSM -> MZA   LDP, VPN            1508
MZA -> PE    VPN                 1504
```

Utaona lebo ya tuneli inavuliwa MSM, si MZA. Ndivyo MPLS ilivyopangwa: ruta ya kabla ya mwisho huvua lebo ya juu ili ya mwisho isifanye kazi mara mbili. Kwa utafutaji wetu maana yake ni kwamba uzito wa ziada upo kwenye vipande viwili tu, DOM–ARU na ARU–MSM. Kipande chenye kikomo cha 1508 kati ya MSM na MZA kisingeumiza mtu.

Sasa tuseme kipande cha ARU–MSM ni cha kukodi, na swichi ya mwenye faiba katikati iliwekewa fremu isiyozidi baiti 1526: 14 za kichwa cha Etheneti, 1508 za mzigo, 4 za kuhakiki mwishoni. Aliyeagiza alihesabu lebo mbili, na kwa miaka yote wateja wa Musoma walipita bila shida. Lebo ya tatu ilipokuja, fremu ikawa 1530, na swichi ikaanza kuitupa.

Inaitupa kimya. Kama ruta yenyewe ingejua kikomo, ingetuma ujumbe wa ICMP kwamba pakiti ni kubwa mno. Ujumbe huo ungefuata tuneli hadi PE-MZA, kisha ungegeuka kurudi Dar, na seva ingepunguza ukubwa. Swichi ya katikati haijui IP, haina wa kumwambia. Ndiyo maana mteja haoni kosa lolote, anaona kusubiri tu.

Na dalili nyingine? Kupakua kunakwama na kupakia kunapita kwa sababu tuneli ni za mwelekeo mmoja: pakiti kubwa za kwenda Dar bado zinapita kusini zikiwa na lebo mbili, na vithibitisho vidogo vinavyorudi kupitia kaskazini vina nafasi tele. Tofauti kati ya kompyuta na seva inatokana na ule mgawanyo wa mazungumzo. DOM huchungulia anwani za IP zilizo chini ya lebo na kuamua tuneli ipi ibebe jozi hiyo. Jozi iliyoangukia Tunnel10 iko salama, iliyoangukia Tunnel20 inakwama, na itakwama kila siku vilevile.

Kupima

Anza kwenye kompyuta ya mteja Mwanza. Kwenye Windows ukubwa unaoandika hauhesabu baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP, kwa hiyo 1472 ndiyo pakiti ya 1500.

```
ping -f -l 1472 10.20.5.10
ping -f -l 1468 10.20.5.10
ping -f -l 1469 10.20.5.10
```

Kwenye Linux ni `ping -M do -s 1468`. Fanya hivyo kwa seva zisizopungua tatu, na ikiwezekana kutoka kompyuta mbili, ili upate jozi zinazopita tuneli zote mbili. Jaribio moja lililofaulu halithibitishi kitu.

Kama 1468 inapita na 1469 haipiti, pakiti kubwa inayofika ni 1496. Toa 1496 kwenye 1508 unapata 12, ambazo ni lebo tatu. Namba inayopungua kwa nne-nne ni alama ya lebo. Ukipata 1400 au 1420, usihangaike na mkongo: tafuta kifaa cha usimbaji au tuneli ya IP upande wa mteja. Soma pia aina ya kosa. Kompyuta ikisema pakiti inahitaji kugawanywa, kuna ruta iliyojua na kutoa taarifa. Ikisema muda umekwisha, kinachotupa hakina sauti.

Kisha ingia kwenye mkongo na upime kila kipande cha tuneli peke yake, kwa anwani za poti zenyewe. Kutoka ARU kwenda MSM:

```
ping 10.255.56.2 size 1508 df-bit repeat 100
ping 10.255.56.2 size 1512 df-bit repeat 100
```

Kwenye IOS ukubwa huu unahesabu kichwa cha IP, tofauti na Windows. Ya kwanza ikipita mia kwa mia na ya pili ikapotea yote, kipande kimepatikana. Jaribio hili halina lebo hata moja, kwa hiyo mwenye faiba hawezi kusema kosa ni la MPLS yako.

Usiridhike na `traceroute mpls ipv4 10.0.0.11/32`. Inaonyesha lebo kwa kila hatua pamoja na MRU, nayo ni amri nzuri kwa kuhesabu rundo, lakini MRU ni kile ruta inachoamini kuhusu poti yake. Poti za ARU na MSM zikiwa zimeandikwa 9000, itaonyesha namba za karibu na 9000 huku swichi ya katikati ikitupa kinachozidi 1508. Vilevile usione OSPF imepanda ukadhani ukubwa ni sawa. OSPF inalinganisha namba iliyoandikwa kwenye poti mbili, haijazi waya kuupima, na kwenye mtandao mdogo ujumbe wake hauvuki 1508. IS-IS yenye salamu zilizojazwa hadi ukubwa wa poti ingekataa kupanda tangu siku ya kwanza. Kwa hilo naipendelea kwenye linki za kukodi.

Uthibitisho wa mwisho: mchana, trafiki ikiwa ndogo, fanya `shutdown` kwenye Tunnel20. Pakiti za 1500 zikianza kupita papo hapo kwa jozi zote, umemaliza kutafuta.

Kutibu

Huwezi kuiacha Tunnel20 imezimwa, maana saa 2 usiku linki ya Shinyanga itajaa tena. Cha haraka ni kupunguza ukubwa wa vipande vya TCP kwenye poti ya mteja hapo PE-MZA:

```
interface GigabitEthernet0/2
 ip tcp adjust-mss 1452
```

Namba ya sasa ingekuwa 1456, yaani 1496 kutoa 40 za vichwa vya IP na TCP. Nimeshusha nne zaidi kwa ajili ya njia ya dharura. Faiba ikikatika kati ya Dodoma na Shinyanga, na mkiwa mmeweka ulinzi wa haraka, DOM itaibeba Tunnel10 nzima juu ya tuneli ya kukwepa inayozunguka Arusha na Musoma. Rundo litakuwa na lebo nne, na pakiti kubwa itakayopita ni 1492. Bila hizo nne, wateja wangekwama tena katikati ya hitilafu nyingine, wakati ambao hakuna mwenye nafasi ya kuhesabu lebo.

Fahamu mipaka yake. Amri hiyo hugusa TCP inayoanza upya tu. Vikao vilivyokwisha kufunguka vitaendelea kukwama hadi vifungwe. Haisaidii simu za video za UDP zenye pakiti kubwa, wala VPN ya mteja mwenyewe iliyosimbwa, ambayo TCP yake ruta haiioni.

Dawa kamili ni waya wenyewe. Mwandikie mwenye faiba ukitaja fremu nzima, si «MTU», kwa sababu kila mtu huhesabu neno hilo kivyake: IOS haihesabu baiti 14 za kichwa cha Etheneti, IOS XR na Junos huzihesabu, hivyo 9000 ya upande mmoja ni 9014 ya upande mwingine. Kama linki inapita na tagi ya VLAN, ongeza 4. Fremu ya 1600 ingetosha kwa lebo nne na zaidi, lakini omba 9000 na kitu, kwa kuwa swichi za mkongo kwa kawaida zinaweza, na hutarudi tena kuomba.

Akisema amebadilisha, pima kwa ping ya 1516 na ya 8900 kabla hujagusa chochote kwenye lebo. Na kama poti zako nazo zinahitaji kubadilishwa, badilisha pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ukibadilisha moja, ujirani wa OSPF uliopo utaendelea kuonekana mzima. Siku linki itakapoyumba utakwama kwenye `EXSTART`, na Musoma itabaki na njia moja tu ya kutoka.

Baada ya hapo, ondoa `adjust-mss` kwa mteja mmoja kwanza, rudia ping ya 1472 kwa jozi zilezile zilizokuwa zinakwama, na uone kwamba Tunnel20 bado inabeba sehemu yake usiku. Kwenye karatasi ya kila linki ya kukodi andika fremu kubwa iliyopimwa, tarehe ya kipimo na idadi ya lebo inazoruhusu, ili atakayepanga tuneli ya Bukoba aanze na namba hiyo.